Tochi Iliyoachwa Ikiwaka: kumbukumbu ya mchezo wa upelelezi wa waigizaji wanne

Hali ya mradi: mswada uko toleo la nne, kurasa 32, dakika 35 bila mapumziko. Waigizaji ni wanne na sebule ni moja. Maiti haionekani jukwaani.

Mahali ni nyumba ya ghorofa moja, Tanga. Mzee Kombo amekutwa amekufa chini ya ngazi. Wanaohojiwa ni watatu: Bi. Mwanaidi, mjane wake. Shomari, mtoto wa kaka yake. Na Zuhura, fundi cherehani aliyepanga chumba cha uani chenye luku yake mwenyewe. Wa nne ni Sajenti. Muuaji ni Shomari. Tunalisema hapa mwanzo kwa sababu kumbukumbu hii inahusu namna ya kulificha jina hilo mbele ya macho ya watu bila kuwadanganya.

Toleo la kwanza: ukweli kabla ya mazungumzo

Kabla ya kuandika neno moja la mazungumzo tuliandika usiku wenyewe ulivyokwenda, katika nusu ukurasa. Baada ya Magharibi yuniti za nyumba kubwa zinakwisha. Mzee Kombo ana karatasi ya luku aliyonunua kwa wakala, lakini bila miwani hasomi namba ndogo. Anamwita Shomari amsomee. Mzee anashika tochi kummulikia. Kwenye ngazi wanagombana juu ya hati ya kiwanja, Shomari anamsukuma. Nyumba bado giza. Shomari anachukua karatasi, anaingiza zile namba 20, umeme unarudi, anairudisha karatasi mfukoni mwa marehemu. Sasa anaweza kusema kwamba muda wote alikuwa chumbani akipiga pasi.

Katika nusu ukurasa huo mnatoka vidokezo vitatu tu: tochi iliyokutwa inawaka, kanzu iliyopigwa pasi, na miwani iliyobaki juu ya redio. Tochi inasema palikuwa na giza alipokufa. Pasi inasema umeme ulikuwapo. Miwani inasema si yeye aliyeingiza namba. Mchezo wa dakika 35 hauhitaji zaidi. Msomaji wa riwaya akisahau jambo hurudi nyuma kurasa kumi. Mtazamaji harudi popote. Kila kidokezo kinachoongezwa kinakula nafasi ya kukirudia kile kilichotangulia.

Miwani haikuwamo mwanzoni. Iliingia baada ya usomaji wa mezani kufichua tundu: Mzee Kombo mwenyewe angeweza kuingiza namba, akapanda ngazi huku amesahau kuzima tochi, akateleza. Tundu la namna hii hulioni ukisoma peke yako, kwa kuwa unajua jibu. Anayelitafuta ajiulize kuhusu kila mhusika asiyekuwa muuaji: "Je, jambo hili lingeweza kutokea bila uovu wowote?" Jibu likiwa ndiyo, kinakosekana kidokezo cha kuufunga mlango huo.

Toleo la pili: chambo kilichokula mchezo

Chambo ni kidokezo cha kumpeleka mtazamaji pasipo. Toleo la pili lilikuwa na viwili. Cha kwanza: kanga ya Zuhura yenye doa jekundu, iliyokutwa imelowekwa kwenye beseni. Cha pili: karatasi ambayo Bi. Mwanaidi anaificha ndani ya mkoba Sajenti anapoingia.

Mazoezi ya kwanza mbele ya watu yalisimamishwa dakika ya 28, kabla ya ufumbuzi. Kila mtazamaji akaandika kwenye kipande cha karatasi jina la anayemshuku na kitu kimoja kilichomfanya amshuku. Kitu hicho ndicho chenye thamani; jina peke yake halifundishi. Wengi waliandika Zuhura, na sababu ikawa kanga. Hakuna aliyeandika tochi. Walipopewa ufumbuzi walihisi wameonewa, na walikuwa na haki. Doa jekundu lina nguvu kuliko kitu kingine chochote jukwaani, na maelezo yake (rangi ya kitambaa cha mteja iliyochuja) yalikuwa ya kubandikwa. Chambo kile hakikugusana na kifo cha Mzee Kombo mahali popote. Ukikiondoa, mchezo haubadiliki hata mstari mmoja. Hiyo ndiyo dalili ya chambo kibaya.

Kanga ikafutwa. Badala yake tochi ikafanywa ya Zuhura.

Badiliko hili moja lilitengeneza karibu kila kitu, kwa hiyo tulieleze kwa nafasi. Katika toleo la tatu Sajenti anaingia na tochi, anauliza ni ya nani, na Zuhura anasema haijui. Baadaye Bi. Mwanaidi anaitambua kwa uzi mwekundu uliofungwa mkiani. Zuhura anabanwa, anakiri kwamba Mzee alibisha hodi akaiazima, hakusema ya nini. Kwa dakika kumi watazamaji wanashughulika na swali "tochi ya nani?" ilhali swali lenye jibu ni "kwa nini ilikuwa inawaka?" Kitu ni kilekile, kiko mbele yao, na hakuna aliyewadanganya. Ni macho yao yaliyoelekezwa kwenye mkia wa tochi badala ya kioo chake. Chambo kinachokaa ndani ya kidokezo cha kweli hakihitaji muda wa ziada, na ufumbuzi ukija mtazamaji anajilaumu mwenyewe badala ya kumlaumu mwandishi.

Ila uongo wa Zuhura lazima uwe na sababu yake ya kweli. Anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na jioni ile, baada ya kuiazimisha tochi, alikwenda mtaa wa pili kutazama chumba kingine ahame kimyakimya. Mkoba wa Bi. Mwanaidi nao una risiti ya sonara: ameuza bangili kulipa deni la mumewe bila yeye kujua, ndiyo maana alisema alikuwa kwenye maulidi. Wote wawili walikuwa nje ya nyumba kubwa yuniti zilipokwisha, na kwa sababu hiyo hakuna anayejua kwamba nyumba ilikuwa giza. Siri zao zinafanya kazi mbili: zinawatia mashakani, na zinauficha ukweli ambao jirani yeyote angeusema kwa sentensi moja.

Toleo la tatu: jicho na sikio

Kila kidokezo sasa kinapita mara mbili kabla ya ufumbuzi, mara moja kwa jicho na mara moja kwa sikio, na baina ya mara hizo pana angalau dakika sita.

Pasi inasikika dakika ya 9. Shomari anasema: "Tangu Magharibi, afande, nimekunja nguo, nimepiga pasi kanzu ya Ijumaa, nimempigia simu fundi wa paa, basi." Pasi iko katikati, kwa sababu katika orodha ya mambo matatu watu hushika la kwanza na la mwisho. Papo hapo Sajenti anauliza jina la fundi, na mazungumzo yanakwenda huko. Dakika ya 17 Shomari anapita na kanzu kwenye hanga, anaitundika kwenye msumari wa mlango. Hakuna anayeitaja. Inabaki pale, nyeupe, imenyooka, mpaka mwisho.

Tochi ilitusumbua. Maelekezo yalisema Sajenti anaingia nayo ikiwaka, anaizima huku akisema, "Betri isiishe." Kwenye mazoezi hakuna aliyeuona mwanga, kwa sababu mbili. Taa za mbele zilikuwa zinaumeza. Pili, sekunde ileile Bi. Mwanaidi alianza kulia upande wa pili, na jicho humfuata anayepaza sauti. Sasa kona ya mlango imepunguzwa taa moja, Sajenti anaelekeza tochi kwenye ukuta ili duara la mwanga lionekane, anaizima, na kilio kinaanza mistari miwili baadaye. Mistari miwili inatosha: kidokezo kimeonwa, kisha kinafunikwa kabla hakijatafunwa. Kilio kikitangulia, kidokezo hakikuwapo. Kikichelewa mistari sita, mtu wa safu ya kwanza ameshafumbua.

Miwani ndiyo rahisi. Bi. Mwanaidi anaichukua juu ya redio, anaifuta kwa upindo wa kanga, anasema mumewe alikuwa hawezi kusoma hata jina lake bila kioo hiki. Watu wanaisikia kama huzuni, na ni huzuni kweli.

Pamoja na hivyo, kanuni ya mita inahitaji kupandwa mapema, maana mtazamaji asiyetumia luku hataelewa kwamba namba zikishatumika haziingii mara ya pili. Dakika ya 5, kabla mtu hajaanza kumshuku yeyote, Bi. Mwanaidi anakumbuka jinsi mwezi uliopita alivyokazana kuingiza karatasi ya zamani, mita ikamkatalia, Mzee akamcheka mpaka machozi.

Toleo la nne: watatu tu

Washukiwa wakiwa watatu, kumsafisha mmoja mapema ni kugeuza mchezo kuwa kura ya wawili. Toleo la tatu lilimsafisha Zuhura dakika ya 20, na kuanzia hapo macho yalibaki kwa Shomari. Sasa siri ya chumba kipya na ile ya risiti zinatoka pamoja, dakika ya 27 na 28, na Sajenti anageukia mita moja kwa moja. Pia tulihesabu mistari ya kila mshukiwa. Shomari alikuwa na michache mno, na mtu anayenyamaza katika kundi la watatu anashukiwa kwa ukimya wake. Aliongezewa mistari, mingi ikiwa ya kumtetea Zuhura.

Ufumbuzi si hotuba. Sajenti anaitoa ile karatasi ya luku, anamwomba Zuhura asome, na Sajenti mwenyewe anabonyeza. Namba 20 zikisomwa mfululizo zinachosha, kwa hiyo zinasomwa kwa mafungu matano ya namba nne, na baada ya kila fungu Sajenti anauliza swali moja fupi bila kugeuka. Tochi ilikuwaje? Inawaka. Miwani ilikuwa wapi? Juu ya redio. Kanzu ilinyooshwa saa ngapi? Fungu la tano linaingia, mita inalia, inakataa.

Kazi iliyobaki ni ya jukwaa. Kioo cha mita hakisomeki kuanzia safu ya tatu, na ikiwekwa ukuta wa nyuma mgongo wa Sajenti unaifunika. Inahamia ukuta wa kushoto, imeinama kidogo kuelekea watazamaji, kimo cha bega. Mlio unapigwa nyuma ya pazia na mtu anayefuata mswada, kwa sababu mwigizaji akikosea kubonyeza, mlio usimsubiri. Shomari anasimama chini ya kanzu yake, hatua mbili kutoka kwenye mita, ili mkono wa Sajenti na uso wake vionekane kwa jicho moja. Mita ikilia, anaitazama kanzu. Mstari aliokuwa nao hapo tumeufuta.