Kodi ya chumba, leo nimeamua

Mpangaji wangu ametoa notisi, anahama mwisho wa mwezi.

Jioni hii mimi na dada tumepitia matangazo ya vyumba vya jirani vinavyofanana na changu: ukubwa uleule, choo cha ndani, umeme juu ya mpangaji.

Wengi wanataka 100 kwa mwezi (tuseme hivyo, sarafu yoyote ile). Nikataka kuandika 100.

Dada akauliza, "Na hivi vimetangazwa tangu lini?"

Tukatazama tarehe. Vya 100 vina wiki kadhaa, bado vipo. Vya 92 nilivyoviona juzijuzi vimeshaondolewa. Huenda kimoja mwenyewe alighairi, lakini si vyote.

Tukapiga hesabu ya mwaka. Kwa 100, kikikaa kitupu miezi 2, napata 1,000. Kwa 92, kikikaa kitupu nusu mwezi tu, napata 1,058. Kikikawia mwezi mmoja na zaidi kidogo, faida ya 92 inaisha.

Nimeandika 92. Roho inauma kidogo kila nikiiona ile 100 ya jirani, sitaki kudanganya.

Wenye vyumba, nyie mnasubiri muda gani kabla ya kushusha bei?