Punguzo la asilimia 38 lililogeuka kuwa 4

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: subiri msimu wa ofa, kisha nunua. Ushauri huo uliniudhi, kwa sababu tarehe ya ofa haikwambii lolote kuhusu bei ya jana.

Runinga niliyoitaka ilikuwa ya inchi 55. Nikiihesabu bei ya siku ile kuwa 100, basi bei ya zamani iliyopigwa mstari juu yake ilikuwa 160, na pembeni duka limeandika punguzo la asilimia 38.

Kwanza nilinakili namba ya modeli yote, hadi herufi ya mwisho. Hapo ndipo wengi hupotea. Runinga mbili za jina moja la biashara zinaweza kutofautiana herufi mbili tu mkiani, kumbe moja ina kioo cha Hz 120 na nyingine Hz 60, au imepunguziwa tundu moja la HDMI. Ukilinganisha bei zake, unalinganisha vitu viwili.

Kwa bidhaa za Amazon, Keepa na CamelCamelCamel huchora grafu ya bei. Duka nililolitazama halikuwemo humo, nikaenda kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za mtandao. Nilichukua anwani ya ukurasa wa runinga, nikakata kila kitu kuanzia alama ya kuuliza, kwa kuwa mkia ule hufanya ukurasa uleule uonekane mgeni, kisha nikaandika:

```
web.archive.org/web/*/ANWANI
```

Kalenda ikafunguka ikiwa na nukta kwenye siku zilizohifadhiwa. Nakala tatu za kwanza hazikuonyesha bei kabisa. Kurasa nyingi huipakia bei baadaye, na hifadhi haiikamati. Nusura nikate tamaa. Nikajaribu ukurasa wa orodha ya runinga zote za duka hilo, na bei zikawa zimeandikwa wazi. Kwa miezi 7 runinga ile iliuzwa 104. Ikapandishwa hadi 160 kwa siku 11, halafu ikashushwa hadi 100. Punguzo la kweli ni 4 kati ya 104, karibu asilimia 4.

Tangu Mei 28, 2022, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka duka linalotangaza punguzo lionyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Ni kinga nzuri, ila anayepandisha bei mapema zaidi ya hapo huipita, ndiyo maana mimi hutazama mwaka mzima.

Duka la pili lilisema 97. Nikaongeza usafirishaji wa 5, ikawa 102, na dhamana yake ilikuwa ya muuzaji, si ya mtengenezaji. Nikaliacha.

Tovuti moja ya kulinganisha bei ilionyesha kuwa modeli ileile ilishafika 88 mara mbili ndani ya mwaka, mara zote nje ya msimu wa ofa. Niliweka hapo tahadhari ya kunijulisha bei ikishuka hadi 90, nikaipata kwa 89 baada ya wiki sita, usafirishaji ukiwemo.