Mkataba mmoja, wasomaji prufu wawili

Mimi na mwenzangu tumemaliza kusoma prufu ya mkataba wa ujenzi wa kurasa zaidi ya 200. Tuligawana kwa ibara nzima nzima, maana ukigawa kwa kurasa kifungu kinakatika katikati. Ila sehemu ya ufafanuzi wa maneno tuliisoma wote wawili, kwani ndiyo inayotawala mengine yote.

Karatasi yetu ya kanuni ilikuwa fupi: tarehe ziandikwe vipi, fedha kwa tarakimu na kwa maneno, na neno lililofafanuliwa libaki na herufi kubwa. Hii ya mwisho ina mtego. "Siku" ilifafanuliwa kuwa siku ya kazi. Kwangu malipo yalikuwa ndani ya "Siku 14", kwake notisi "siku 14". Hilo si kosa la tahajia, ni karibu wiki nzima ya tofauti! Hatukuligusa, tuliweka swali pembeni kwa mwanasheria.

Kuunganisha: kila mmoja alifanya kazi kwenye nakala yake, Track Changes ikiwa imewashwa, kisha mimi peke yangu nikaziunganisha kwa Review > Compare > Combine. Word hubakiza mabadiliko ya mwonekano ya nakala moja tu, kwa hiyo tulikubaliana mapema: fonti na nafasi hazibadilishwi.

Mwisho nilibonyeza Ctrl+A, F9 ili kusasisha marejeo, nikatafuta "Error! Reference source not found". Yakajitokeza marejeo ya vifungu vilivyokwisha kufutwa, nayo yakaenda kwa mwanasheria.