Mkate wa mashine ulikuwa hauumuki, kumbe ni hamira kulowa

Nikiwasha mashine papo hapo, mkate unaumuka. Nikiitegesha usiku ioke alfajiri, nakuta tofali. Nilibadilisha unga, nikaongeza hamira; wapi! Hamira yenyewe ilikuwa hai: kijiko kimoja kwenye maji vuguvugu yenye sukari kilitoa povu ndani ya dakika 10.

Kosa lilikuwa mpangilio. Nilikuwa naweka hamira kabla ya unga, ikilowa kwa muda wa saa 8 na kuchoka kabla ya kukandwa. Sasa natanguliza maji, namwaga unga uyafunike yote, chumvi na sukari pembeni. Juu kabisa nachimba kishimo kifupi kisichofika kwenye maji, hamira inakaa humo ikiwa kavu. Leo asubuhi mkate umegusa kifuniko.