Laki moja, na yule mzee wa Hombolo

Jamani tumefika. Wafuatiliaji laki moja kwenye chaneli yetu ya YouTube! Nilitaka niandike juzi ileile usiku namba ilipogeuka ila Jumamosi tulikuwa Chamwino kumuoza bwana mdogo (kila kitu kilienda vizuri, mahari imeisha, bibi harusi kapendeza sana), na ukweli ni kwamba kuna simu moja imenikaa kichwani hadi leo ndo maana hata asante zenu nimezichelewesha.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua video ya kupogoa zabibu ndo iliyobeba chaneli. Sasa Alhamisi kanipigia mzee mmoja wa Hombolo, namba kapewa na binamu yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniambia, "Mwanangu, nimeiangalia video yako yote, bando la siku nzima limeishia hapo, ila sijaona unapokata." Nikamuuliza kwani imekatika katikati? Akasema hapana. "Sauti naisikia, unasema bakiza macho mawili au matatu. Sasa macho yenyewe yako wapi? Mimi naona tope tu."

Tope tu. Sijui nimelirudia mara ngapi hilo neno, nikiwa nachota maji, nikiwa kanisani, hata pale Chamwino watu wanacheza mimi namsikia mzee.

Jana nikafungua ile video kwenye simu yangu, nikaenda kwenye Quality nikaiweka 144p, maana mtandao ukiwa dhaifu YouTube inaishusha yenyewe mpaka huko, na mzee yuko shambani mnara uko mbali. Na kweli, ni tope. Nikapiga hesabu. Picha ya 144p ina mistari 144 tu kutoka juu mpaka chini. Nilirekodi mzabibu mzima, kama mita mbili hivi za urefu, kwahiyo mstari mmoja unabeba karibu milimita 14, na jicho la mzabibu, pale chipukizi linapotokea, ni milimita tano hivi. Haliwezi kuonekana hata uwe na macho ya mwewe! Ila kamera ikisogea mpaka picha nzima iwe sentimita 20 tu za fito, mstari mmoja unabaki na milimita moja na nusu hivi, jicho linapata mistari mitatu minne, na hapo mtu analiona. Kamera ni ileile, simu ya mzee ileile, tofauti ni umbali tu.

Nilipoiona hiyo hesabu nilifurahi kuliko hata ile laki, nawaambia kweli. Maana maneno kwenye hiyo video ni sahihi: chagua fito iliyokomaa, ya kahawia, hesabu macho mawili matatu kuanzia chini, kata sentimita moja au mbili juu ya la mwisho, mkato uwe wa mshazari maji yasituame. Ukibakiza macho mengi mno utapata kichaka na mashada madogo. Lakini mtu asipoona jicho atahesabu nini?

Kwahiyo asanteni wote, na tunachofanya sasa ni hiki. Mvua zikiisha tunaanza upya na mzabibu mmoja tu, uleule, kuanzia siku ya mkasi mpaka mavuno ya Agosti au Septemba, ni kama miezi minne. Kila jicho tunalobakiza nitalifunga uzi mwekundu, kamera itakaa karibu, na hakuna video itakayopanda kabla sijaiangalia mwenyewe kwenye 144p. Ugonjwa wa ubwiri unga nao ukija mtauona ukiwa bado vumbi jeupe kidogo juu ya jani, kabla haujafika kwenye punje. Na chini ya kila video nitaweka dakika, mwenye bando dogo aguse aende moja kwa moja anapotaka:

```
0:00 Fito ya kukata
0:40 Kuhesabu macho
1:30 Mkasi unapita wapi
```

Lazima ianze na 0:00 na ziwe angalau tatu, kila kipande kisipungue sekunde kumi, la sivyo YouTube haigawi.

Zile salamu na kelele za mwanzoni nazitoa. Mtaniona nikiwa tayari nimeshika mkasi. Ile ngao ya fedha ya YouTube ikifika itakaa kwa mama Veyula, nimeshamwahidi.

Mzee nimempigia leo asubuhi nikamwambia nakuja Hombolo na kamera, tutaanzia shambani kwake kama atakubali. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Njoo, ila uje na mkasi wako, wangu butu."

Halafu yule dada wa maziwa hajapita tangu Jumanne na simu yake haipatikani. Kuna mtu wa Ilazo anajua anakaa wapi? Huwa hakosi hata siku moja bila kusema.