Picha moja kwa watu wanne

Ilikuwa katikati ya Februari 2023, saa za mchana ambapo Kariakoo joto linapanda mpaka feni inazungusha moto badala ya upepo. Kwenye duka letu la steshenari na intaneti aliingia mwalimu wa shule ya msingi, mteja wa siku nyingi wa kuchapisha mitihani. Safari hii hakuwa na mtihani. Alikuwa na simu mkononi na uso unaong'aa.

"Kaka, nimeshinda. Nisaidie kutuma hela kabla ya saa kumi."

Alichoshinda ni bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile ambayo wengi tunaiita grinikadi. Oktoba ya mwaka uliotangulia alikuwa amemlipa kishoka mmoja shilingi 50,000 amjazie fomu. Sasa imekuja barua pepe yenye nembo ya tai, inamwambia amechaguliwa, atume dola 330 kwa njia ya kutuma fedha kwa jina la mtu, na akichelewa nafasi anapewa mwingine.

Nilimwomba aketi, nikamwagizia maji. Mtu aliyekuja na furaha ukimwambia "umeibiwa" kabla hajakaa, atatoka aende duka la pili akatume hela huko.

Tulianza na kitu ambacho hakihitaji utaalamu wa kompyuta: tarehe. Usajili wa mwaka ule, unaoitwa DV-2024, ulifunguliwa Oktoba 2022 ukafungwa Novemba 8. Matokeo yake yalikuwa yametangazwa kwamba yatatoka Mei 6, 2023. Tulikuwa Februari. Hakuna mtu yeyote duniani aliyekuwa amejulishwa kuwa amechaguliwa, kwa hiyo na yeye hakuwa amejulishwa. Hata ingekuwa Mei, barua pepe isingekuwa njia. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani haimwandikii mtu kumwambia amechaguliwa, wala ubalozi haupigi simu. Mwombaji mwenyewe ndiye anayeingia kwenye tovuti, anaandika namba yake ya uthibitisho, jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, na jibu linatokea pale pale kwenye skrini.

"Lakini hiyo dola 330 nimeisoma hata sehemu nyingine," akasema.

Hapo ndipo matapeli wa kazi hii walipo wajanja. Kiasi kilikuwa cha kweli. Mwaka ule ada ya viza hiyo ilikuwa dola 330 kwa kila mtu. Ila hulipwa na aliyechaguliwa, akiitwa kwenye usaili, kwa keshia wa ubalozi, siku ile ile ya usaili. Tapeli alichukua namba ya kweli akaihamisha kutoka dirisha la keshia kwenda kwa jina la mtu asiyejulikana, na akaileta miezi mingi kabla ya wakati wake. Kwa hiyo mtu anayehakiki kiasi peke yake anaona kinalingana, anatulia.

Kisha tukafungua anwani. Jina la mtumaji lilisomeka kama idara ya serikali, lakini ukiligusa lile jina, chini yake inatokea anwani ya bure ambayo yeyote anaifungua kwa dakika tano. Ndani ya barua kulikuwa na kiungo. Jina halisi la tovuti ile silirudii hapa, ila umbo lake lilikuwa hivi:

```
https://dvprogram.state.gov.maombi-usa.example/lipa
```

Mwalimu alionyesha kidole kwenye `state.gov`. "Si hii hapa?"

Nilichukua karatasi nikaiandika kwa herufi kubwa, kwa sababu kwenye simu anwani ndefu hukatwa na usipogusa upau wa juu huioni yote. Anza baada ya `https://`, nenda mpaka mkwaju wa kwanza, simama hapo. Sasa rudi nyuma kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenye tovuti ni yule aliye mwishoni kabisa kulia, yaani `maombi-usa.example`. Kila kilicho kushoto kwake ni maneno aliyojiandikia mwenye tovuti, na anaweza kuandika apendalo. Ni sawa na mtu kujenga kibanda cha chipsi akaandika "Ikulu" juu ya mlango. Tovuti ya kweli tukaiandika chini yake:

```
https://dvprogram.state.gov
```

Hapa baada ya `.gov` hakuna kitu tena, au kuna mkwaju. Na `.gov` haiuzwi dukani kama majina mengine, hupewa taasisi za serikali za Marekani peke yake. Ukikuta kistari mahali pa nukta, kama `state-gov`, hiyo nayo ni ya mtu mwingine. Mwalimu akauliza kuhusu alama ya kufuli, maana tovuti ile ya uongo ilikuwa nayo. Kufuli husema tu kwamba njia kati ya simu yako na tovuti imefichwa, wengine wasichungulie. Haisemi lolote kuhusu nani yuko upande wa pili. Unaweza kuzungumza faragha kabisa na mwizi.

Mpaka hapo hela ilikuwa imeokoka, na wengi huishia hapo wakashukuru. Mimi lakini nilikuwa na wasiwasi na kishoka kuliko na barua pepe. Nikamuuliza swali moja.

"Mwalimu, alikupiga picha ngapi?"

"Moja. Yangu."

"Na mama watoto? Na watoto?"

Akanyamaza. Ana mke na watoto wawili, wa miaka tisa na minne. Fomu ile inataka mwombaji amwandike mwenzi wake na kila mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa na hajatimiza miaka 21, hata kama hawatasafiri naye, na kila mmoja huwekewa picha yake. Watu wanne ni picha nne, kila moja mraba wa pikseli 600 kwa 600, faili la JPEG lisilozidi kilobaiti 240. Kama kishoka alipiga picha moja, basi ama alimwandika mwalimu kuwa kapera, ama hakupeleka fomu kabisa. Akiwa kapera kwenye fomu na ana ndoa nyumbani, hata akichaguliwa kompyuta ikamkubali, ofisa wa usaili atamnyima viza kwa kuacha familia nje. Hakuna dirisha la kurekebisha baada ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Swali la pili lilikuwa la namba ya uthibitisho. Fomu ikipokelewa, ukurasa wa mwisho huonyesha jina la mwombaji na `Confirmation Number` inayoanza na mwaka wa programu. Mwalimu hakuwahi kuuona ukurasa huo. Kishoka alimwambia "namba ninayo ofisini, usijali." Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Mwenye namba ndiye mwenye matokeo. Ikitokea umechaguliwa, ataiuza kwako kwa bei yake, au atadai umwongeze "mke" usiyemjua kama sharti, na ukikubali umeingia kwenye udanganyifu unaoweza kukufungia milango ya viza maisha yako yote.

Tovuti ina njia ya kuirudisha namba iliyopotea, iko kwenye ukurasa wa kuangalia hali ya ombi, `Forgot Confirmation Number`. Unachagua mwaka wa programu, unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe iliyotumika kujisajili. Hapo kwenye barua pepe ndipo watu wengi hukwama. Mwalimu hakumpa kishoka barua pepe yoyote, maana yake kishoka alitumia ya kwake. Matokeo yalipotoka Mei tulijaribu kwa barua pepe ya mwalimu, kwa kukamilisha tu. Rekodi haikupatikana. Kishoka naye simu ikawa haipokelewi.

Siku ile ya Februari hakukuwa na cha kujaza, dirisha lilikuwa limefungwa. Kazi ilikuwa moja: kumwandikia kishoka ujumbe kwamba asimsajili tena. Inaonekana ni jambo dogo, lakini yule mtu alikuwa na picha, cheti cha kuzaliwa na majina yote. Vishoka wengine huwasajili upya wateja wa zamani bila kuwaambia, wakitegemea kuwatafuta wakichaguliwa. Na sheria inaruhusu fomu moja kwa mtu kwa mwaka. Zikiwa mbili, zote hutupwa nje, bila kujali nani alijaza ipi. Mwalimu aliandika ujumbe, akauhifadhi.

Tulirudi kwenye meza ile ile Oktoba 2023, wiki ya pili ya usajili wa DV-2025. Siku za mwisho tovuti huwa nzito, na fomu hukupa dakika 60 tu kisha inaanza upya, kwa hiyo tulitayarisha kila kitu kabla ya kuifungua: majina kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuzaliwa, na picha nne mpya. Picha ya mwaka uliopita hairudiwi, inatakiwa iwe ya ndani ya miezi sita, na ya zamani inaweza kukuondoa. Mtoto mdogo alitusumbua. Alikuwa anacheka kila tukipiga, na fundi wa picha alirudia mara saba.

Anwani tuliiandika herufi kwa herufi. Hatukuitafuta kwenye injini ya utafutaji, maana matokeo ya juu huwa ni matangazo ya kulipiwa, na tovuti zinazotoza watu kwa fomu hununua nafasi hizo. Barua pepe ilikuwa yake mwenyewe, nywila anaijua yeye na mkewe. Serikali ya Marekani haikumtoza hata senti. Sisi dukani alilipia saa moja ya intaneti na kurasa mbili za kuchapisha. (Kanuni ya mwaka 2025 imeleta ada ya dola 1, nayo hulipwa ndani ya mfumo wa serikali wenyewe, si kwa wakala. Masharti ya kila mwaka, na kama usajili umefunguliwa au la, husomwa `travel.state.gov`.)

Ukurasa wa mwisho ulipotokea, aliupiga picha kwa simu, tukachapa nakala mbili, akajitumia moja kwenye barua pepe yake. Moja ya zile nakala aliikunja akaiweka ndani ya jalada la vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mei 2024 aliingia mwenyewe kwa simu yake, akiwa nyumbani. Hakuchaguliwa. Alinitumia picha ya skrini, na chini yake akaandika: "Angalau safari hii nimejibiwa mimi."