Mufyala wangu alimwita mke wangu "bibi yangu", nami nikacheka

Ilikuwa Jumapili, kwetu Katuba, bukari bado iko mezani. Mufyala wangu, yaani binamu yangu, aliingia na kelele zake za kawaida, akatoa franka 20,000 mfukoni, akamnyooshea mke wangu: "Bibi yangu, kamata, utajiuzia kitenge." (Msomaji wa mbali ajue kwamba Lubumbashi "kuuza" ni kununua, na "bibi" ni mke.) Mimi nikacheka. Dada zangu wakacheka. Mke wangu alirudisha mikono nyuma, akasema, "Shiwezi kukamata", akaingia ndani. Hakutoka tena mpaka mgeni alipoondoka.

Sisi tunasema Kibemba, upande wa Kasenga, kando ya Luapula. Mtoto wa shangazi au wa mjomba ni mufyala wako, na utani naye hauna mlango. Anaweza kumwita mke wako mke wake mbele ya mama yako mzazi, na mama ndiye atakayecheka kwanza. Mufyala anayekaa kimya nyumbani kwako ndiye wa kuogopwa, maana ana neno moyoni. Kwa hiyo siku ile nilisikia salamu tu, tena salamu yenye zawadi.

Mke wangu ni Muluba wa Kasai, amekulia Mwene-Ditu. Kiswahili alikijulia hapa mjini, akiwa mtu mzima. Tulikuwa tumeshapita mitego midogo ya lugha. Mwaka wa kwanza aliniambia, "Kesho baba anafika na gari la moshi." Nilinunua chupa mbili za Simba, nikaenda stesheni na kifua mbele, kumlaki mzee. Akashuka mama mkwe. Kwa Chiluba "baba" ni mama, na baba ni "tatu". Na mbele ya mama mkwe, kwao, mume wa binti anainamisha macho na kukaa mbali, sembuse kumlaki na bia. Tulicheka hiyo mwezi mzima, na labda ndiyo iliyonidanganya: nilidhani kila kutoelewana kwetu kutaishia kwenye kicheko.

Usiku ule wa franka alikaa kwenye kiti, hakuketi kitandani. Akasema Kifaransa, polepole, kama mtu anayetoa ripoti: leo mwanaume ameniita mke wake, ametaka kunipa pesa, sikupokea, na wewe mume wangu nakuambia ili ujue. Nilikuwepo! Nimeona kwa macho yangu! Uzito wa sauti yake kwa jambo nililolishuhudia mwenyewe ulinichekesha tena. Nikamjibu, "Basi tumuitie polisi."

Kicheko hicho cha pili ndicho kilichoniumiza. Siku tatu alinijibu "ndiyo" na "hapana". Nami nikafanya kosa la watu wa kwetu: mtu akinuna, unaongeza utani mpaka ashindwe. Nilimwita "bibi ya mufyala". Nilipomwona anatoka chumbani na kuniacha na sahani yangu, nikajiambia maneno ambayo mji huu unayatamka ovyo kuhusu Wakasai, kwamba wana majivuno. Dada zangu walishayasema kabla yangu.

Aliyenifungua macho ni shangazi yake anayekaa Kenya. Namaanisha komini ya Kenya hapa mjini, siyo nchi. Kwa Chiluba shangazi huyo ni "tatu mukaji", yaani baba wa kike, na uzito wake ni wa baba kweli. Nilipomweleza hakucheka hata kidogo. Aliniuliza kitu kimoja: "Alikuambia?" Nikasema ndiyo, usiku uleule. Akapumua, akasema, "Basi mtoto wetu amefanya vizuri. Na wewe ulijibu nini?"

Hapo ndipo aliponieleza chibawu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo, nikidhani ni habari ya uzinzi peke yake. Mwanamke wa Kiluba akishaolewa, alivyofundishwa ni kwamba mwanaume mwingine akimsogelea kwa njia ya mapenzi lazima amwambie mume. Akificha, akaendelea kumpikia na kulala naye, ubaya utaangukia mume, watoto au yeye mwenyewe, na kuusafisha kunahitaji wazee, malipo na aibu. Kuna familia zinazohesabu kitanda tu, nyingine zinahesabu hata mkono ulioshikwa kwa nia, au pesa iliyopokelewa na maneno ya mapenzi juu yake. Yao ni ya hizo za pili. Kwa hiyo mufyala alikuwa ameweka vyote viwili katika kiganja kimoja, neno "bibi yangu" na pesa. Na ile ripoti ya kwenye kiti ilikuwa ni mke anayenilinda mimi na watoto. Nikamjibu habari ya polisi.

Sikuulizwa kama ninaamini chibawu. Nilipoanza kusema kwamba mufyala hakuwa na nia mbaya, shangazi alinikata: nia ya mufyala iko ndani ya mufyala, mke wangu hawezi kuiona. Bado sijapata jibu la hilo.

Nilirudi nikamwomba aseme upya, kama alivyosema usiku ule. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, kwa Kifaransa kilekile, nami nikajibu, "Nimesikia. Umefanya vizuri." Kesho yake alinipikia matemba na sombe. Hakusema amenisamehe.

Mufyala alikuwa kazi ngumu zaidi. Nilipomwambia aache kumwita mke wangu hivyo, aliumia: kumzuia mufyala utani ni kumwambia siyo ndugu tena. Sikutaka kumpoteza. Tulikaa sisi watatu, tukatafuta mlango mwingine. Mke wangu ndiye aliyeupata: kwao pia wanataniana, ila ni mjukuu na bibi mzaa mama, anayeitwa kaku. Kwetu vilevile mjukuu na nakulu wanatukanana vizuri sana. Hivyo yeye, mwenye miaka 31, akawa kaku wa mwanaume wa miaka 40. Na pesa inapita kwangu: mufyala ananipa mimi, mimi ninampa mke, mufyala mwenyewe akiwepo akiona.

Haikuwatosha wote. Mjomba wangu mmoja mzee bado anamwita mukashi wandi, mke wangu, na mzee wa miaka hiyo huwezi kumfundisha upya. Akija, ninajibu mimi kabla ya mke wangu, na usiku anatoa ripoti yake fupi, nami nasema nimesikia. Sichekei ripoti hata kama mzee mwenyewe hawezi kusimama bila fimbo.

Jambo jingine nililojifunza ni kusikiliza lugha kabla ya maneno. Akikasirika au akiwa na neno zito anahamia Kifaransa na sauti inashuka. Zamani nilikuwa nikitazama uso, kumbe huwa haonyeshi kitu usoni, hata akitania. Akitania anachomeka Chiluba katikati ya Kiswahili, bila tabasamu lolote.

Jumapili iliyopita mufyala alifika, akanipa franka 10,000, nikazipokeza. Akamwambia, "Kaku, meno yako yamebaki mangapi?" Mke wangu aliendelea kuchagua mboga, akasema kitu kirefu cha Chiluba kilichoishia na "mwikulu wanyi", mjukuu wangu. Shangazi yake, aliyekuwa amekuja kusalimia, alicheka mpaka akajishika ubavu. Mufyala akanitazama nimfasirie. Nikainua mabega.